Mililita Ngapi? Kutoka Kilo za Mtoto Hadi Dawa Iliyo Ndani ya Bomba

Chupa mbili za amoksisilini ya watoto zimesimama pamoja kwenye rafu ya duka la dawa. Kiwanda ni kimoja, boksi ni la rangi moja, na unga ulio ndani unanukia matunda katika chupa zote mbili. Tofauti iko kwenye mstari mmoja mdogo chini ya jina la dawa: moja imeandikwa 125 mg/5 ml, nyingine 250 mg/5 ml. Mtoto aliyekokotolewa mililita 9 za chupa ya pili akipewa chupa ya kwanza, atapata nusu ya dawa aliyokusudiwa. Mama yake atapima kwa uangalifu, atafuata saa, hataruka dozi hata moja, na bado mtoto atakuwa ametibiwa nusu.

Kosa hili halitokani na uzembe nyumbani. Linatokea pale cheti kinapobeba idadi ya mililita tu na chupa ikabadilika njiani. Zahanati imeishiwa na ile ya 250, mama anaelekezwa akanunue nje, muuzaji anayo ya 125, naye ananakili kwenye lebo kile alichokikuta kwenye karatasi. Mililita inapima ujazo wa maji. Dawa yenyewe inapimwa kwa miligramu, na idadi ya miligramu zilizomo katika kila mililita inajulikana kwa kusoma chupa, si kwa kukumbuka chupa ya mwezi uliopita.

Ninataka tufuate hesabu ya mtoto mmoja wa mfano, hatua kwa hatua, kuanzia mizani hadi mdomoni. Shabaha si kumfanya mzazi awe tabibu wa mtoto wake. Kuamua kama mtoto anahitaji antibiotiki, na ipi, ni kazi ya aliyemchunguza. Lakini hesabu ya mililita ni ya darasa la tano, na kila mtu anayeishika chupa hiyo, awe nesi, mtoa dawa, baba, bibi au dada wa nyumbani, anaweza kuikagua.

Mtoto wetu ana miaka miwili. Anakohoa tangu juzi, na kwenye zahanati tabibu amehesabu pumzi zake kwa dakika nzima akapata 48. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa mwenye miezi 2 hadi chini ya mwaka, zinahesabiwa za haraka kuanzia 50. Mtoto huyu anakunywa, hatapiki kila anachopewa, hajapata degedege wala hajalegea. Hana dalili ya hatari. Ni nimonia ya kutibiwa nyumbani, na dawa yake ya kwanza, kwa mujibu wa mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliurekebisha mwaka 2014, ni amoksisilini ya kunywa, angalau miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku, kwa siku tano. Mtoto wa chini ya miezi miwili hayumo katika hesabu hii. Huyo akiugua apelekwe hospitali.

Kwa nini kilo na si umri? Amoksisilini ikishaingia kwenye damu inaenea katika maji ya mwili, kisha figo zinaanza kuitoa kwenye mkojo, na kwa kiasi cha saa moja hivi nusu yake imeshaondoka. Ili bakteria wafe, kiwango cha dawa mwilini lazima kikae juu ya kiasi fulani kwa sehemu kubwa ya siku. Mwili mkubwa una maji mengi zaidi, kwa hiyo kiasi kilekile cha dawa kinazimuliwa zaidi. Umri hausemi mengi kuhusu ukubwa wa mwili. Katika chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi 24 wa katikati ana kilo 12.2, lakini mwenye kilo 9.7 na mwenye kilo 15.3 wote bado wamo ndani ya mipaka ya kawaida. Kwa miligramu 40 kwa kilo, wa kwanza anahitaji miligramu 388 kwa dozi na wa pili 612. Ukiwapa wote dozi moja kwa sababu wamezaliwa mwezi mmoja, kuna atakayepunjwa.

Basi mtoto apimwe siku hiyohiyo anayougua. Uzito ulioandikwa kwenye kadi ya kliniki miezi minne iliyopita ni wa mtoto mdogo kuliko huyu wa leo. Mizani ya kuning'inia irudishwe kwenye sifuri huku ile suruali yake ya kumwekea mtoto ikiwa imeshaning'inizwa, na mtoto avuliwe nguo nzito. Pasipo na mizani ya watoto, mama apande kwenye mizani ya watu wazima akiwa amembeba mtoto, kisha apande peke yake: 73.2 kutoa 61.8 ni 11.4. Mtoto wetu ana kilo 11.4. Kwenye mizani za kidijitali tazama kama kioo kinaonyesha kg au lb, kwa sababu kilo 11.4 ni kama ratili 25, na anayeandika 25 kama kilo atatoa dozi zaidi ya mara mbili.

Sasa hesabu yenyewe. Ina sehemu mbili, na kosa kubwa kuliko yote ni kuzifanya kwa pamoja kichwani. Ya kwanza inamhusu mtoto peke yake, haigusi chupa kabisa:

```
11.4 kg × 40 mg/kg = 456 mg kwa dozi
```

Simama hapo kwanza. Jiulize hizo miligramu 456 ni za dozi moja au za siku nzima. Vitabu vingine vinaandika dawa hii kama miligramu 80 kwa kilo kwa siku, zigawanywe mara mbili. Ni jambo lilelile: 80 mara 11.4 ni 912 kwa siku, na nusu yake ni 456. Shida inaanza pale mtu anapochukua 40 ya kitabu kimoja na maneno "zigawanywe mara mbili" ya kitabu kingine. Anapata 228 kwa dozi, nusu ya inayotakiwa. Anayefanya kinyume chake, akachukua 80 na kuitoa yote asubuhi kisha yote tena jioni, anazidisha mara mbili. Kwenye cheti, neno "kwa dozi" au "kwa siku" lina uzito sawa na tarakimu iliyotangulia, na pasipoandikwa, anayekisoma arudi kuuliza.

Lazima niseme pia kwamba 40 si namba ya amoksisilini kwa kila ugonjwa. Ni ya nimonia, na pia hutumika kwa maambukizi ya sikio. Kwa maradhi mengine kiwango huwa tofauti, ndiyo maana mililita za chupa ya ugonjwa uliopita haziwezi kurithiwa na ugonjwa wa leo.

Sehemu ya pili ndipo chupa inapoingia. Chukua chupa mkononi, soma lebo kwa sauti. Kama ni 250 mg/5 ml, gawanya kwanza: 250 kwa 5 ni 50. Kila mililita moja ina miligramu 50. Kama ni 125 mg/5 ml, kila mililita ina miligramu 25. Kisha:

```
456 mg ÷ 50 mg/ml = 9.12 ml   (chupa ya 250 mg/5 ml)
456 mg ÷ 25 mg/ml = 18.24 ml  (chupa ya 125 mg/5 ml)
```

Kwa chupa yenye nguvu, mililita 9. Kwa ile dhaifu, mililita 18. Mtoto ni yuleyule, ugonjwa ni uleule, miligramu ni zilezile.

Wengi hujikwaa kwenye ile 5 ya lebo. Wanagawanya 456 kwa 250, wanapata 1.8, na wanaandika mililita 1.8. Hesabu yao ya kugawanya ni sahihi. Kilichokosewa ni kwamba 250 haimo katika mililita moja, imo katika tano. Kwa hiyo 1.8 ni idadi ya mafungu ya mililita tano, na lazima izidishwe kwa 5 ndipo ije 9. Mtoto aliyepewa mililita 1.8 anapata miligramu 90, sawa na takriban 8 kwa kilo, yaani sehemu moja ya tano ya dawa. Ubaya wa kosa hili ni kwamba mililita 1.8 haishtui macho. Ingekuwa mililita 90, mama angeuliza. Mililita mbili za dawa kwa mtoto mdogo zinaonekana ni jambo la busara, na mtoto anaendelea kuhema.

Njia ya kuligundua ni kurudi nyuma kwa hesabu. Ukishapata mililita, zizidishe kwa miligramu za kila mililita, kisha gawanya kwa kilo za mtoto. Jibu lazima lirudi karibu na 40:

```
9 ml × 50 mg/ml ÷ 11.4 kg = 39.5 mg/kg
```

Anayeandika 1.8 atapata 7.9 na atajua pale pale kwamba kuna jambo. Ninapenda ukaguzi huu kuliko kurudia hesabu ile ile mara ya pili, kwa sababu mtu anayerudia njia aliyopita hukanyaga shimo lile lile. Ni bora zaidi ukifanywa na mtu mwingine, aliye na chupa mkononi na hajaona jibu la kwanza.

Kuna mkato ambao watoa dawa wenye uzoefu wanautumia, nao ni mzuri mradi mipaka yake ijulikane. Kwa miligramu 40 kwa kilo na chupa ya 250 mg/5 ml, mililita za dozi ni kilo za mtoto mara 0.8. Kwa chupa ya 125 mg/5 ml ni kilo mara 1.6. Mtoto wa kilo 10 atapata mililita 8 au 16. Wa kilo 6 atapata 4.8 au 9.6. Dozi ya ugonjwa ikibadilika kutoka 40, au chupa ikiwa na namba nyingine, mkato huo unakufa. Na hesabu ya kilo haipandi bila kikomo. Kufikia kilo 25 jibu limeshakuwa miligramu 1,000, yaani gramu nzima, na kutoka hapo dozi hubaki kwenye kikomo cha mtu mzima badala ya kuendelea kuzidishwa.

Nimeandika 9 badala ya 9.12, na kuna wasomaji watakaoingiwa na wasiwasi. Wasiwe nao. Ile sehemu iliyoachwa ni miligramu 6, na mtoto huyu hatatofautiana nayo kwa lolote. Hata mizani ikikosea nusu kilo, dozi inabadilika kwa miligramu 20, ambazo ni mililita 0.4 tu. Amoksisilini inavumilia tofauti za namna hiyo. Isichovumilia ni kukosea mara mbili, mara tano au mara kumi, na makosa ya ukubwa huo hayatokani na kukadiria desimali. Yanatokana na chupa iliyobadilika, dozi ya siku iliyochukuliwa kuwa ya mara moja, ile 5 iliyosahauliwa, au nukta iliyofifia kwenye karatasi. Kwa sababu ya nukta, anayeandika cheti aandike "9 ml" na si "9.0 ml", isije ikasomwa 90; na kwa kiasi kisichofika mililita moja aandike "0.5 ml" akiitanguliza sifuri, isije nukta ikapotea na mtoto akanyweshwa mililita 5.

Kuna kosa moja zaidi la kupunja, ambalo limeota mizizi hadi halionekani tena kuwa kosa. Ni ile "kijiko kimoja kutwa mara tatu" inayoandikwa kwa mkono kwenye boksi la mtoto yeyote, wa mwaka mmoja au wa miaka minne. Tuipime kwa mtoto wetu. Kijiko cha mililita 5 cha chupa ya 125 kina miligramu 125. Mara tatu ni 375 kwa siku. Gawanya kwa kilo 11.4, unapata kama miligramu 33 kwa kilo kwa siku nzima, wakati anahitaji 80. Utaratibu huu ulikuwa wa kawaida zamani. Viwango vilipandishwa kwa sababu vimelea vya nimonia viitwavyo nyumokokasi vimejenga usugu kiasi, na dozi ndogo haiwafikishi tena pale wanapokufa. Anayeandika kijiko kimoja mara tatu leo bila kupima mtoto anatumia hesabu ya wadudu wa enzi nyingine.

Tukishakubaliana mililita 9, bado chupa ni unga mkavu. Hapa hesabu nzuri inaweza kuharibika kabla ya dozi ya kwanza. Chupa inayoitwa ya mililita 100 haitiwi mililita 100 za maji. Unga wenyewe unachukua nafasi, kwa hiyo maji yanayohitajika ni pungufu ya 100, na kiasi chake hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda. Fuata maelekezo ya chupa hiyo. Kama ina mstari au mshale ubavuni, ndio mwongozo. Gongagonga chupa kwanza ili unga ulioshikana chini uachane. Tia maji yaliyochemshwa yakapoa, kama nusu hivi, funga, tikisa sana mpaka pasiwe na donge. Weka chupa mezani, subiri povu litulie, kisha ongeza maji polepole hadi kwenye mstari, na tikisa tena. Asiyesubiri povu atadhani maji yamefika wakati hayajafika, na dawa itakuwa kali kuliko lebo inavyosema. Anayepitisha mstari ameizimua, na ile 50 kwa kila mililita haipo tena. Ningependa sana kazi hii ifanyike dukani au dirishani, mbele ya mama, kuliko kumrudisha nyumbani na unga na maneno.

Unga huo hauyeyuki wote; sehemu kubwa inaelea na ikiachwa inatuama. Chupa isiyotikiswa inatoa maji mepesi siku za kwanza na uji mzito siku za mwisho, hivyo mtoto anapunjwa mwanzoni na kuzidishiwa mwishoni, ingawa bomba lilisoma 9 kila mara. Itikiswe kabla ya kila dozi. Ikishachanganywa, aina nyingi hudumu siku 7, nyingine hadi 14 zikikaa kwenye friji. Lebo ndiyo inayosema. Andika tarehe ya kuchanganya juu ya chupa.

Kijiko cha jikoni kiachwe kwenye chai. Vijiko tunavyoviita vya chai vinatofautiana sana, kimoja hubeba mililita tatu, kingine saba, na hakuna anayeweza kuona tofauti hiyo kwa macho. Kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ni afadhali, lakini si sana. Katika utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2016 katika jarida la Pediatrics, zaidi ya wazazi 2,000 walipewa dawa ya maji wapime mara kadhaa kwa vifaa mbalimbali. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikosea angalau mara moja, na mmoja kati ya watano hivi alifikia kupima zaidi ya mara mbili ya kiasi alichoelekezwa. Waliotumia kikombe walikuwa na uwezekano wa kukosea mara nne hivi kuliko waliotumia bomba.

Bomba linalofaa ni lile la kunyweshea dawa, au bomba la sindano la kawaida ambalo sindano yake imeondolewa, pamoja na kile kifuniko kidogo cha mbele ambacho kimewahi kuwakaba watoto. Kwa mililita 9, bomba la mililita 10 ndilo zuri. Ukiwa na la 5, ni 5 kwanza, kisha 4, na hapo ni vyema kusema kwa sauti "tano" na "nne", maana mtoto akilia katikati ni rahisi kusahau kama ya pili imeshaingia. Vuta dawa, geuza ncha juu, gonga hewa ipande na uisukume itoke, kisha soma kwenye ukingo wa mpira ulio karibu na ncha, ule unaogusa dawa. Mtoto aketi wima. Ncha ielekezwe ndani ya shavu na dawa isukumwe polepole, kidogo kidogo, akimeza. Akitapika ndani ya nusu saa, dozi irudiwe mara moja. Akiendelea kutapika kila kitu, hiyo sasa ni dalili ya hatari na njia ni ya kurudi kituoni.

Nyumbani kuna ukaguzi mmoja usiohitaji kalamu. Dozi ni kumi: asubuhi na jioni kwa siku tano. Mara 9, ni mililita 90, kwa hiyo chupa moja ya 100 inatosha na inabaki kidogo chini. Kwa chupa za 125 ni mililita 180, na mama aliyetoka dukani na chupa moja tu ameondoka na dawa ya siku mbili na nusu hivi. Chupa ikiisha siku ya tatu, au siku ya tano ikifika na nusu bado imo, hesabu fulani ilipotea. Usiongeze dozi ili kufidia. Rudi na chupa yenyewe na bomba lake. Aliyezidishiwa mara mbili kwa dozi moja au mbili kwa kawaida huishia kutapika au kuharisha. Aliyepewa kiasi kikubwa sana apelekwe hospitali bila kungoja, kwani amoksisilini nyingi mno inaweza kuganda kama chumvichumvi katika mkojo na kuumiza figo.

Namba ya lebo yenyewe nayo inaweza kudanganya asiyeijua. Amoksisilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki huuzwa kama 228 mg/5 ml au 457 mg/5 ml. Hizo ni jumla ya dawa mbili. Katika 457, amoksisilini ni 400 na klavulaniki ni 57. Katika 228 ni 200 na 28.5. Daktari anapokokotoa dawa hii kwa kilo, mara nyingi anakokotoa kwa sehemu ya amoksisilini, hivyo anayegawanya kwa 457 anakosea kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Hilo si kosa kubwa. Kubwa ni kubadilisha chupa ya 457 kwa mbili za 228 na kuacha mililita zilezile, au kufikiri kwamba mchanganyiko huo ni amoksisilini yenye nguvu zaidi na kuuchukua pasipo kuandikiwa. Klavulaniki ikizidi, mtoto anaharisha.

Njia iliyo salama kuliko zote imeshafika katika vituo vingi vya Tanzania na Kenya, nayo inaondoa mililita kabisa. Ni vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250 vinavyosambaratika ndani ya maji kidogo kwenye kijiko au kikombe. Katika mwongozo wa nimonia, mtoto wa kilo 4 hadi chini ya 10 hupewa kidonge kimoja kwa dozi, wa kilo 10 hadi chini ya 14 viwili, na wa kilo 14 hadi 19 vitatu, mara mbili kwa siku. Mtoto wetu wa kilo 11.4 anapata viwili, miligramu 500, sawa na 44 kwa kilo. Hakuna unga wa kuzimua, na vidonge 20 vinahesabika mkononi.

Makundi hayo nayo yana mahali panapobana. Mtoto wa kilo 9.5 akipewa kidonge kimoja anapata miligramu 26 tu kwa kilo, mbali na 40, wakati mwenzake wa kilo 10 anapata 50. Kitabu cha antibiotiki cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2022 kimeligawa kundi la chini, na kwa wenye kilo 6 hadi chini ya 10 kimeweka miligramu 375 kwa dozi, ambazo ni kidonge kimoja na nusu. Kwa hiyo mtoto anapokaribia kilo 10 na kuandikiwa kimoja, mtoa huduma aifanye ile hesabu ya kurudi nyuma kabla ya kumfungia dawa: 250 gawanya kwa kilo zake, atazame jibu, na kama liko chini ya 30 amrudie aliyeandika cheti.